Nisikucheleweshe, Dada

Kuna kengele ya mezani inayogongwa kwa kiganja, ile ya mapokezi ya hoteli. Mpaka leo nikiisikia inalia mahali, damu inanichemka. Siku ile iligongwa asubuhi nzima katika ukumbi wa hoteli moja pale Tabora mjini, na kila ilipolia, watu wazima wenye akili zao walikatishana maneno, wakaachana mikono, wakakimbilia mtu mwingine. Asubuhi nzima watu walisalimiwa nusu.

Mkutano wenyewe waliuita jukwaa la kuwakutanisha wazalishaji na wanunuzi. Vijana wanasema kutafuta koneksheni. Mimi nilitoka Urambo na gari la alfajiri, kikapu mapajani, ndani yake chupa za asali nilizozizungushia khanga zisigongane. Sisi ni kikundi cha wanawake, tunafuga nyuki katika msitu ulio nyuma ya kijiji. Nilifanywa katibu kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuchoshwa na chaki, na watu wanadhani mwalimu hawezi kukosa la kusema. Mnunuzi wetu wa zamani alikuwa ameacha kuja, wala hakuaga. Wenzangu walikaa kikao wakaniambia bila kuzunguka: ukirudi mikono mitupu, sisi tunaandaa vitalu vya tumbaku.

Hawakuwa wakinitisha. Tumbaku ina mbolea ya mkopo na ina soko linalojulikana, na ndoo zetu za asali zilikuwa zimejaa, hakuna wa kuziulizia. Lakini tumbaku hukaushwa kwa kuni, kuni ni msitu uleule, na msitu ukienda nyuki wanahama. Nilijua kwamba kikundi kikilima tumbaku msimu mmoja, habari ya asali imekwisha.

Tulikuwa tumesikia kwamba katika jukwaa lile atakuwepo mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye kiwanda kidogo cha kufungasha asali. Hatukutaka ahadi yake wala namba yake ya simu. Tulitaka afike. Wanunuzi wa mbali wakisikia Urambo wanasikia tumbaku, wanadhani asali yetu inanuka moshi na ina dawa za shambani ndani yake. Mpaka mtu atembee kwa miguu yake hadi kwenye manzuki, aione mizinga yetu ilivyo mbali na mashamba, haamini. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kumfanya mgeni nisiyemjua atake kuja kwetu, kabla mbegu za tumbaku hazijamwagwa kitaluni.

Mwezeshaji, yaani yule aliyekuwa akituongoza na kuigonga ile kengele, alikuwa kijana nadhifu aliyeletwa kutoka Dar. Sitamnyima haki yake, yapo aliyosema ambayo ni kweli. Alisema usimpe mtu kadi yako kabla hujajua anafanya nini, kadi ni ya mwisho. Alisema uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Alisema ukiwakuta wawili wamesimama wameelekezana vifua, uwapite, hao wana lao. Tafuta waliosimama wakaacha mlango kati yao, ingia hapo. Yote hayo nilikubaliana nayo, ingawa hakuna mwanamke aliyewahi kwenda kisimani asiyeyajua.

Kisha akasema kila mtu ana nusu dakika ya kujieleza. Jina, biashara, unachotafuta, basi. Na akaongeza hili, ambalo nilitaka kusimama nimjibu:

"Na leo humu ndani hakuna shikamoo. Shikamoo inampandisha mmoja na kumshusha mwingine. Hapa sote ni wafanyabiashara."

Watu wakapiga makofi. Nikawatazama Wanyamwezi wenzangu wakipiga makofi, watu ambao mama zao wakikutana njiani salamu inapita kwa watoto, inapita kwa mvua, inamgusa ng'ombe aliyezaa na goti lililokuwa likiuma wiki iliyopita, ndipo mmoja anasema alichokuja kusema. Hizo si porojo. Ndani ya salamu hiyo mtu anakupima kama una haraka, kama una msiba, kama ni siku ya kukuomba kitu au siku ya kukuacha upite. Kijana huyu alikuwa ametunyang'anya mizani, halafu anatuambia tukapime. Na mimi, mwalimu mzima, nilikaa kimya kwa sababu nilitaka anione mwanafunzi mzuri. Hilo nalo linaniudhi.

Kengele ikalia. Mtu wa kwanza niliyekutanishwa naye alikuwa mjumbe wa kamati ya maandalizi, bwana wa makamo mwenye suti ya kijivu na beji kubwa kuliko zetu. Nilimjua kwa sura, kwao ni Puge, Mnyamwezi kama mimi. Nikamwambia natoka Urambo, tuko kikundi cha wanawake, tunafuga nyuki. Alikuwa akitikisa kichwa. Alikuwa akisema safi, safi sana. Lakini macho yake yalikuwa juu ya bega langu, yanatembea ukumbini, yanatafuta mtu mwenye maana zaidi. Kuna adha gani kubwa kuliko kuzungumza na mtu ambaye macho yake yameshakuaga? Nilikuwa katikati ya sentensi, nataka kumwambia kwamba msitu wetu uko hatarini, pale pale kwenye neno msitu, akanishika mkono.

"Nisikucheleweshe, dada," alisema. "Najua una watu wengi wa kusalimia."

Akaenda. Watu wengi gani? Sikuwa na mtu hata mmoja. Nilisimama na kikapu changu katikati ya ukumbi, mdomo wazi nusu, nusu dakika yangu haijaisha hata. Maneno yale yenyewe ni mazuri, ndilo linalonitia uchungu. Nisikucheleweshe ni neno la heshima, ni neno la mtu anayekufikiria, anayeona jua linashuka na wewe una safari. Yeye alilitumia kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino.

Nilikuwa bado na hasira kengele ilipolia tena, na pembeni ya dirisha nikamwona mama wa asali amesimama peke yake. Nilimtambua kwa beji. Mama mtu mzima, mweupe kichwani, mtandio wa rangi ya ugoro mabegani, umri wa dada yangu mkubwa na zaidi. Miguu yangu ilitaka kupinda kidogo, kama ilivyofundishwa, na mdomo wangu ulitaka kusema shikamoo. Lakini kijana alikuwa amekataza, na nusu dakika ilikuwa inakimbia. Nikamwangukia na hotuba. Jina, kikundi, Urambo, asali, tunatafuta mnunuzi. Nilisema yote kwa pumzi moja, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Sawa, mwanangu. Kama una kipeperushi, niachie." Na akageuka kutazama nje.

Kipeperushi sikuwa nacho. Kengele ikalia, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru. Nilikwenda kukaa. Nafasi niliyotumwa kuitafuta ilikuwa imekuja na kupita, na mimi ndiye niliyeiharibu, kwa kumtii mtoto mdogo aliyenikataza kumwamkia mtu mzima. Akilini niliwaona wenzangu kijijini wakiutifua udongo wa vitalu. Kwa mara ya kwanza siku ile nilitaka kulia, na kwa sababu sikutaka kulia nikazidi kukasirika.

Mchana tukaenda kula. Palikuwa na foleni ya kunawa mikono, na aliyekuwa mbele yangu, nilipoinua macho, ni yule mama. Hakuna kengele kwenye foleni ya kunawa. Hakuna beji, maana mtu amekupa mgongo. Nikajisemea, kijana na kanuni zake akapike mawe, mimi nasalimia.

"Shikamoo, mama."

Akageuka. "Marahaba," akasema, na uso wake ukafunguka. "Hujambo, mwanangu? Kumbe unasalimia."

Sikumjibu kuhusu hotuba. Nilimwambia tu kwamba maji ya birika lile ni ya moto, aangalie. Akaweka kidole, akakiondoa haraka, akacheka. Nikamuuliza safari yake ilikuwaje. Alikuja kwa treni, akasema, angeweza kuja kwa ndege lakini alitaka treni, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa reli, na alipokuwa mdogo waliishi Tabora miaka michache, karibu na stesheni. Hapo nikaushika uzi. Nikamuuliza stesheni ameionaje sasa, na yeye akaanza kuniambia alichokikumbuka: vumbi, maembe, filimbi ya treni, mama yake akilalamika kwamba huku bara watu wanakula wali bila nazi. Mimi nilisema maneno machache tu. Nilimwambia baba yangu naye alikuwa akitupeleka stesheni kuangalia treni, kwa vile hakuwa na uwezo wa kutupandisha. Hivyo ndivyo mazungumzo yanavyoishi, unachukua kidogo na unatoa kidogo. Tukafika kwenye sufuria za chakula, akatazama wali, akaguna.

"Sisi watu wa Kisarawe," alisema, "wali huu tunauita wali wa mgonjwa."

Kisarawe! Mama alikuwa Mzaramo. Nikawa kama mtu aliyekuta nyumba ya ndugu katika mji wa ugeni.

Msomaji ambaye si wa huku na ajue kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Si utani wa kuzoeana, ni utani wa kurithi. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku Tabora mpaka pwani, miezi njiani, na walipofika kwa Wazaramo wakiwa na vidonda mabegani waliomba maji, waliomba pa kulala, na wengine walifia hukohuko wakazikwa na watu wasiowajua hata kwa jina. Mtu aliyekuzikia ndugu yako huwezi kuishi naye kwa adabu tupu. Ndipo wakapeana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana vitu, kuingiliana nyumbani bila kubisha hodi, na asikasirike mtu. Njia ile ya misafara ilikuwa imeshapata jibu la namna ya kuanza maneno na mgeni, kabla babu wa babu yake mwezeshaji hajazaliwa. Na sisi tumekaa ukumbini tunafundishwa kengele.

"Ala," nikamwambia, nikiweka sahani chini. "Kumbe mtumwa wangu. Babu yangu alikuacha Kisarawe ulinde ngoma, nani amekuruhusu kupanda treni?"

Alinitazama. Jicho lake likawaka.

"Mnyamwezi wewe," akasema taratibu. "Nilijua tu. Nilikuona toka asubuhi na kikapu. Dunia nzima imepumzika, nyinyi mpaka leo mnabeba."

"Tunabeba kwa sababu Mzaramo akipewa mzigo anaukalia."

"Na Mnyamwezi akiusikia tu mzigo, anainamisha kichwa."

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Tukakaa meza moja, akakata kipande cha kuku wangu bila kuniomba, akakila, na mimi nikamnywea soda yake. Sikusema neno la asali, yeye ndiye aliyelisema. Alifuta mikono, akainamia kikapu changu akitaka kujua kuna nini humo, akaanza kufungua khanga. "Mtani, hebu," alisema, "mizinga yenu iko mbali kiasi gani na..."

Hapo ndipo bwana wa kamati alipotokea. Alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini, na alilolisikia toka kule kwenye sufuria ni neno mtumwa.

"Mama, tunaomba radhi sana," alimwambia, ameunganisha viganja. "Msamehe huyu. Ndugu zetu wa vijijini hawa, hawajui mazungumzo ya kibiashara. Twende, tumekuandalia nafasi meza kuu."

Hakunitazama. Alimshika mama kiwiko, akamwinua, khanga ikiwa bado mkononi mwa mama, nusu imefunguliwa. Mama aligeuza shingo akitaka kusema kitu, lakini wenye suti wawili wengine walikuwa wameshamzunguka, na mgeni hawezi kuwagombeza wenyeji wake. Akawekewa kiti. Alivua mtandio akautundika kwenye mgongo wa kiti, akakaa, nao wakaanza kumweleza fursa za mkoa.

Ningemsamehe mtu wa kuja. Kama angekuwa Mchaga, Mhehe, mtu wa Songea ambaye watani wake ni wengine, ningesema hajui. Lakini mtoto wa Puge! Amekulia utani, amezika na watani, anajua watani wanavyoweza kulizuia jeneza njiani na hakuna anayethubutu kukunja uso. Alijua, akaomba radhi. Alimwombea Mzaramo radhi kwa kutaniwa na Mnyamwezi, ni kama kumwombea mtu radhi kwa kukaribishwa. Alitaka mgeni aone kwamba hapa Tabora tumestaarabika, na ustaarabu kwake ulikuwa ni kufanana na wale vijana wa kengele. Nilitoka nje. Nilisimama kwenye maegesho kati ya bajaji, nikisema peke yangu, mpaka dereva mmoja akaniuliza kama nimepoteza simu.

Niliwaza kurudi ndani kumwambia yule bwana maneno yake mbele ya watu. Niliyapanga, yalikuwa maneno makali na ya kweli. Kisha nikaona kwamba nikiyasema, nitakuwa yule yule aliyemtaja, mtu wa kijijini asiyejua mazungumzo, na mama wa asali atapanda treni yake akijua Tabora kuna mwanamke mwenye makelele. Hasira ni yangu, lakini msitu si wangu peke yangu.

Walipokuwa wanafunga, mwezeshaji alikumbusha namna ya kuagana: shika mkono, tabasamu, toa kadi, ahidi kuwasiliana. Mimi nikachukua kikapu changu nikatembea mpaka meza kuu. Bwana wa kamati alikuwa bado anaongea. Nilipita nyuma yake, nikafika kwenye kiti cha mama, nikautwaa mtandio mgongoni mwa kiti, nikaukunja, nikauweka ndani ya kikapu juu ya asali. Bwana akanyanyuka nusu, uso umemshuka.

"Mtani," nilisema, "mtandio huu nimeuteka. Ukiutaka, ukomboe Urambo."

Mama alikitazama kikapu, akanitazama mimi. Kisha akajiegemeza kitini.

"Mwizi kama babu zako," alisema. "Nitaufuata. Na nikikuta umejifunga, nitakuchapa mbele ya wanao."

Nikatamani kukaa. Nikatamani kumwambia njia, kumwuliza siku, kumbana anihakikishie, kwa sababu hofu ikiwa nyingi mtu anang'ang'ania. Lakini neno la mwisho la mtani likiwa tamu usiliongezee maji. Nikapinda goti kidogo, nikamwachia kipande cha karatasi chenye namba yangu chini ya sahani yake, nikageuka nikaondoka bila kutazama nyuma.

Kijijini hawakufurahi. Walinizunguka wakitaka habari, nami nikatoa mtandio. Mmoja akaniuliza kama walinituma nilete mtu au nilete kitambaa. Mwingine akasema kwamba hizo ni tabia za aibu, mwalimu mzima kuiba nguo ya mgeni wa watu. Niliwajibu vibaya, nikajuta, nikawajibu vibaya tena. Aliyenitetea ni bibi mmoja, mkubwa wetu wa kikundi, ambaye alichukua mtandio akaunusa, akauliza kama mwenyewe ni Mzaramo kweli. Nilipomwambia ndiyo, akaufungia kwenye sanduku lake. "Atakuja," alisema. "Asipokuja, aseme yeye si mtu wa kwao." Basi. Lakini namba ya mama sikuwa nayo, yangu hakuipiga, na wenzangu wawili walikwenda kwa wakala kuulizia mbegu za tumbaku. Nililala vibaya siku nyingi. Nilikuwa na hasira nao, na nilikuwa na hasira na yule bwana, na nilijiuliza kama utani umekufa mimi sikuambiwa.

Kisha asubuhi moja gari likaingia kijijini na vumbi lake. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mama, mabega hayana mtandio. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka bwana wa kamati.

Tulisimama wote pale njia ya msituni inapoanzia. Wanawake walianza kupiga vigelegele na kusalimia, na bwana akainua mkono kuwanyamazisha. Alikuwa na viatu vyeusi vinavyong'aa. Akaeleza kwamba kamati imefanya jitihada kubwa, kwamba yeye binafsi ndiye aliyetuunganisha na mgeni huyu, na kwamba hizi ndizo faida za kuhudhuria majukwaa na kujua kujieleza. Kutuunganisha! Alisema hivyo akinitazama, akitabasamu, na nilihisi ile asubuhi yote ya Tabora inanipanda kifuani, kengele, nusu dakika, macho juu ya bega, khanga iliyofunguliwa nusu.

Mama alimwacha amalize. Kisha akauliza, kana kwamba hakuna aliyekuwa akiongea, "Mwizi wangu yuko wapi?"

Bibi akaleta mtandio, umekunjwa vizuri, ameushika kwa mikono miwili. Lakini hakuutoa. Mateka hayatolewi bure. Mama akarudi garini, akatoa mfuko, ndani yake nazi zimejaa, akaziweka chini miguuni mwetu. Alizitoa kwao Kisarawe, akasema, ili walau kabla ya kufa Wanyamwezi waonje wali. Wanawake wakaangua kicheko, bibi akamfunga mtandio mabegani kwa mkono wake.

"Mama, jamani, usijisumbue na mambo haya," bwana wa kamati akasema. "Hawa tutawaelewesha. Tuanze kwanza na utambulisho rasmi, halafu..."

Nikamsogelea. Nilimshika mkono, kwa ulaini kabisa, kama yeye alivyonishika mimi. Ghafla maneno yangu yote makali ya kule maegeshoni yalikuwa hayahitajiki.

"Nisikucheleweshe, kaka," nilisema. "Najua una watu wengi wa kusalimia."

Akatazama kulia. Akatazama juu ya bega langu. Wanawake walikuwa wameshaingia njia ya msituni wakimfuata mgeni wao, na pale barabarani palibaki gari, vumbi, na miti ya miombo iliyopukutika. Nilimwacha amesimama hapo, nikamkimbilia mama nikamshika mkono, kwa sababu njia ile ina visiki na mgeni husindikizwa.

Tulitembea muda mrefu. Mashamba yaliisha, ukimya ukaanza, kisha ukimya ukaanza kuvuma. Alisimama chini ya mzinga wa kwanza, akatazama tulikotoka, akanusa hewa. Kisha akamalizia swali lake la kule mezani, lile lililokatwa katikati, kutoka pale pale lilipokatiwa.

"Mbali kiasi gani na tumbaku?"

"Mbali kiasi hiki ulichotembea," nikamwambia.

Akavua viatu, akakaa juu ya gogo, akaomba aonje. Vitalu vya tumbaku hatukuviandaa mwaka ule.